Swali la skata ploti linakukatia maksi? Tuanze na dalili, kosa tutalipata tu

Juzi jioni dogo mmoja ninayemfundisha tuisheni hapa Tabata kaja na karatasi yake, jibu la kipengele cha mwisho kaandika 31.5. Swali lilitaka akadirie idadi ya madafu yaliyouzwa siku moja ambayo namba yake haikuandikwa. Nikamuuliza hilo nusu dafu lilinunuliwa na nani, akacheka, afu akasema, "Kaka, si kuna watu wanagawana?"

Sasa cha kuangalia ni kwamba hiyo nusu siyo kosa lenyewe, hiyo ni dalili tu, ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi, kosa liko nyuma huko. Na maswali ya skata karibu yote yako hivi, unaona jibu la ajabu mwishoni ila ukirudi nyuma unakuta mtu alikosea kwenye mstari, au hata kabla ya mstari. Kwahiyo hapa nitatumia swali hilohilo moja la madafu, tulifukunyue lote.

Data yenyewe ni hii. Nimeitunga mimi, muuza madafu mmoja maeneo ya Posta, siku 10, joto la mchana na madafu aliyouza:

Joto 27, madafu 24
Joto 28, madafu 33
Joto 28, madafu 27
Joto 29, madafu 37
Joto 30, madafu 38
Joto 31, madafu 48
Joto 31, madafu 15
Joto 32, madafu 52
Joto 32, madafu 46
Joto 33, madafu 55

Grafu: mhimili wa chini ni joto, unaanzia 25, sm 2 kwa kila nyuzi 1. Mhimili wa pembeni ni madafu, unaanzia 0, sm 2 kwa kila madafu 10. Shika hapo kwenye "unaanzia 25", itatutesa baadae. Na ule mstari ambao darasani wanauita laini ya besti fiti mi nitauita besti fiti tu, tusichoshane.

Dalili ya kwanza: umeelezea uhusiano, umepewa sifuri au nusu maksi

Ukiangalia ulichoandika utakuta ni "zinapanda" au "kuna uhusiano" au "grafu inaenda juu". Nini kinapanda? Msahihishaji hajui, na hata akijua hawezi kukuandikia wewe. Sababu hapa mara nyingi ni kwamba hujasoma swali linataka nini, maana kuna maswali mawili yanayofanana kama mapacha. Likikuuliza aina ya uhusiano, jibu ni neno moja tu, chanya, au hasi, au hakuna. Likikuambia elezea uhusiano kati ya joto na madafu, hapo linataka sentensi yenye vitu vyote viwili ndani, yani "siku zenye joto zaidi, madafu mengi zaidi yaliuzwa". Ukijibu la kwanza kwa sentensi ndefu huumii sana, ila ukijibu la pili kwa neno "chanya" peke yake hapo maksi imeondoka.

Afu kuna wale wanaoandika "uhusiano ni mkubwa sana kwa sababu mstari umesimama wima wima". Hili kosa nalikuta kila wiki. Nguvu ya uhusiano haina habari na mwinuko, nguvu ni nukta zimebanana kiasi gani kuzunguka mstari. Ukitaka kujithibitishia chukua nukta hizihizi uzichore upya, safari hii pembeni weka sm 2 kwa madafu 50. Lile wingu la nukta lililokuwa linapanda kwa kasi litalala kama mkeka, data ni ileile, madafu ni yaleyale, hakuna kilichobadilika zaidi ya skeli. Kama nguvu ingekuwa ni mwinuko basi ungeweza kuiongeza au kuipunguza kwa rula tu, haiwezekani. Kwahiyo ukiulizwa nguvu, usiangalie nukta zinaenda juu kiasi gani, angalia zimetawanyika kiasi gani pembeni ya njia yao. Hapa ukiitoa ile nukta ya madafu 15, zilizobaki zimebanana vizuri, uhusiano ni chanya na una nguvu.

Kidogo tu kuhusu mikunjo, maana haitokei sana: nukta zikipanda afu zikashuka kama kilima, usikimbilie kuandika "hakuna uhusiano". Upo, ila siyo wa mstari ulionyooka, na besti fiti ya rula haikuhusu hapo. Kulikuwa na mwanatakwimu aliyeitwa Francis Anscombe, mwaka 1973 alitoa seti 4 za data zenye nukta 11 kila moja, ukikokotoa zote zinakupa karibu mstari uleule na kipimo kilekile cha uhusiano, 0.816, ila ukizichora moja ni ya kawaida, moja ni upinde, moja imeharibiwa na nukta moja tu, na nyingine nukta 10 zimepangana wima, moja tu iko mbali peke yake. Ndo maana tunachora kwanza.

Dalili ya pili: umehesabu nukta juu na chini zimelingana, ila mstari umekosewa

Hii ndo yenye utamu, na ndo iliyonifanya niandike yote haya. Watu wengi walifundishwa kanuni moja tu, nukta za juu ziwe sawa na za chini. Mtu anaweka rula, anahesabu, zinalingana, anachora, anakosa, anabaki analalamika kaonewa.

Hajaonewa. Tuweke pembeni ile nukta ya madafu 15 kwanza (nitaieleza baadae), tunabaki na nukta 9. Dogo wangu alichora mstari wake kuanzia kwenye kona ya grafu, kule chini kushoto, ukapita katikati ya wingu. Kona hiyo ni joto 25 na madafu 0. Mstari wake ukapita kwenye joto 30, madafu 40, kwahiyo unapanda madafu 8 kwa kila nyuzi moja. Twende nao pole pole. Kwenye 27 mstari unasema 16, nukta iko 24, iko juu. Kwenye 28 mstari unasema 24, nukta ni 33 na 27, zote juu. Kwenye 29 mstari ni 32, nukta 37, juu. Kwenye 30 mstari 40, nukta 38, chini. Kwenye 31 mstari 48, nukta 48, imekaa palepale. Kwenye 32 mstari 56, nukta 52 na 46, zote chini. Kwenye 33 mstari 64, nukta 55, chini.

Hesabu: juu 4, chini 4, moja kwenye mstari wenyewe. Imelingana kabisa! Ila mstari ni mbovu, na ukitazama utaona kwanini, zile 4 za juu zote ziko upande wa kushoto, na zile 4 za chini zote ziko kuanzia katikati kwenda kulia. Mstari umekata wingu kama mkasi, haukulifuata.

Sasa linganisha na mstari mzuri. Huu nao unapita kwenye 30 na 40, ila unapanda madafu 5 kwa kila nyuzi, yani kwenye joto 25 unakuwa tayari uko kwenye madafu 15, haugusi kona kabisa. Kwenye 27 unasema 25, nukta 24, chini kidogo. Kwenye 28 unasema 30, nukta moja 33 iko juu, nyingine 27 iko chini. Kwenye 29 unasema 35, nukta 37, juu. Kwenye 30 ni 40, nukta 38, chini. Kwenye 31 ni 45, nukta 48, juu. Kwenye 32 ni 50, nukta 52 juu na 46 chini. Kwenye 33 ni 55, nukta ipo hapohapo.

Hesabu tena: juu 4, chini 4, moja kwenye mstari. Sawasawa na ule mbovu! Kwahiyo kuhesabu peke yake hakuwezi kukuambia upi ni mzuri. Tofauti ni kwamba hapa za juu na za chini zimechanganyika njia nzima, kushoto zipo za aina zote mbili na kulia hivyohivyo. Hata mtaala wa Cambridge, ule wa IGCSE hesabu 0580, hausemi nukta zigawanyike sawa tu, unataka zigawanyike takribani sawa pande zote mbili kwa urefu wote wa mstari, na mstari uwe mmoja, wa rula, unaovuka data yote, na haulazimiki kugusa nukta yoyote. Hilo la "urefu wote" ndo watu wanalisahau.

Jinsi ya kujikagua bila kukokotoa chochote: ukishaweka rula, kabla hujachora, funika nusu ya kulia ya grafu kwa kiganja, tazama kushoto tu. Nukta zipo juu na chini? Sawa. Funika kushoto, tazama kulia. Kama upande mmoja zote ziko juu na mwingine zote ziko chini, zungusha rula, usiihamishe. Watu wengi wanaisogeza rula yote juu au chini, wakati tatizo ni mkao wake. Na kama pande zote mbili nukta zimeegemea juu, hapo ndo unaisogeza bila kuizungusha. Rula iwe ya plastiki inayoonyesha chini, ya mbao inakuficha nusu ya nukta, unakuwa unapiga ramli.

Na chanzo cha mstari wa kona ni mazoea. Fomu wani na tuu ulichora grafu za mistari zinazopita kwenye sifuri mpaka mkono ukazoea. Ila kona ya grafu hii siyo sifuri, ni 25! Na hata ingekuwa sifuri, hamna sheria inayosema mstari lazima upite hapo.

Kuna wengine wanaunganisha nukta ya kwanza na ya mwisho. Kwenye data hii ukifanya hivyo, 27 na 24 mpaka 33 na 55, utapata mstari unaokaribia sana ule mzuri, kwenye 31 utakupa karibu 45. Ni bahati tu. Kama siku ya kwanza angeuza 34 badala ya 24, mstari wako wote ungeinuka upande wa kushoto kwa ajili ya siku moja. Na wanaounganisha nukta moja moja kama mlima wa zigizaga, hao wanachora kitu kingine kabisa, siyo besti fiti.

Kama swali limekupa wastani, au lina maksi za kuutafuta, fanya hivyo. Wastani wa joto wa nukta 9 ni 270 gawanya kwa 9, ni 30. Madafu ni 360 gawanya kwa 9, ni 40. Weka alama pale, pitisha rula hapo, imebaki kazi moja tu ya kuzungusha. Inarahisisha mno. Ila umeona wenyewe, mstari mbovu nao ulipita kwenye 30 na 40, kwahiyo wastani unakupa pa kupita, haukupi mkao.

Dalili ya tatu: mstari wako umezama chini ya nukta nyingi

Hapa mhusika ni ile nukta ya 31 na 15. Siku hiyo, kwenye hadithi ya swali, mvua ilinyesha kuanzia saa nane mchana. Joto lilikuwa limeshapimwa, watu wakajificha chini ya mabati, madafu yakabaki. Ukiruhusu nukta hiyo ikuvute, mstari unalala. Nilikokotoa kwa zote 10, mwinuko unashuka kutoka 5 hadi kama 4.3, na makadirio ya joto 31 yanashuka kutoka 45 hadi karibu 41. Kwa wale wa fomu faivu na siksi wenye kalkuleta inayotoa ile r, yani kile kipimo cha uhusiano, bila nukta hiyo r ni kama 0.97, nayo ikiwemo inakuwa kama 0.67. Siku moja ya mvua!

Utaitambuaje? Siyo kwa kuwa na namba ndogo, maana 24 ni ndogo na haina shida. Ni kwa kuwa mbali na njia ya wenzake. Pale kwenye 31 wenzake wanapita 45 hivi, yeye yuko 15. Linganisha na 32 na 46, iko chini ya mstari kwa madafu 4, hiyo ni mtawanyiko wa kawaida, usianze kuwafukuza watu nyumbani kwa kosa dogo. Nukta iliyopotea unaizungushia duara, unaiacha kwenye grafu, huifuti, ila unapochora mstari unajifanya huioni. Ukiulizwa kwanini, toa sababu ya hadithi husika, mfano mvua, au madafu yalichelewa kuletwa. Kusema "kwa sababu iko mbali" ni sawa kwa kuitambua, ila siyo sababu ya kwanini ilitokea.

Dalili ya nne: jibu la makadirio linashangaza

Sasa turudi kwa dogo na 31.5 yake. Swali: siku ya 11 joto lilikuwa nyuzi 31, daftari likalowa, kadiria madafu yaliyouzwa. Yeye akaangalia 31, akaona nukta mbili, 48 na 15, akajumlisha akagawanya kwa mbili, 31.5. Mstari aliuchora kwa jasho lote lile afu hakuutumia! Mwenzake aliyekaa nae akaandika 48, kwa sababu kuna nukta pale. Wote wawili wamesoma nukta badala ya mstari. Nukta ni siku moja iliyopita na mambo yake, mstari ndo unaokuambia siku ya joto hilo kwa kawaida inakuwaje.

Njia: kutoka 31 chini, panda wima kwa rula mpaka ugonge mstari, afu geuka kushoto mpaka mhimili wa madafu. Chora hiyo njia kwa vitone, iache ionekane, maana mara nyingi kuna maksi ya kuonyesha. Unasoma 45. Mwalimu akisahihisha huwa anakubali namba zilizo karibu, kwa sababu mistari ya kuchorwa kwa jicho haiwezi kufanana, kwahiyo 44 au 46 usilie. Na madafu yanahesabika, ukipata 44.6 andika 45.

Ukipata namba ya ajabu ingawa mstari wako ni mzuri, kagua viboksi. Kwenye grafu yetu kiboksi kimoja kidogo cha chini ni nyuzi 0.1, ila cha pembeni ni dafu 1 zima. Mtu anazoea mmoja anausomea na mwingine. Kosa jingine ni kuingilia mhimili usio wako: umeulizwa "aliuza madafu 42, joto lilikuwa ngapi", wewe unaanzia chini. Hapa unaanzia pembeni kwenye 42, unaenda kulia mpaka kwenye mstari, unashuka, unapata kama 30.4.

Dalili ya tano: umekadiria vizuri, wakauliza "je makadirio haya yanaaminika?" ukaandika "ndiyo, nimetumia grafu"

Wanachotaka ni uangalie ile namba imo ndani ya data au iko nje. Data yetu ni kuanzia 27 hadi 33. Hiyo 31 imo ndani, na nukta zimebanana, kwahiyo inaaminika. Wakikupa 40 mstari ukiurefusha utasema 90, na huyu muuzaji mkokoteni wake tuseme haubebi zaidi ya 60, hayo 30 atayatoa wapi? Wakikupa 22 mstari unasema 0. Wakikupa 20 unasema madafu hasi 10, yani wateja 10 wamekuja kumrudishia ya jana. Jibu la maksi ni "hapana, nyuzi 20 iko nje ya data, hatujui kama mwelekeo unaendelea hivyohivyo huko".

Dogo nilimrudishia karatasi, akafuta, akachora upya na rula yangu. Mstari wake mpya kwenye 25 ulikata madafu 14 badala ya 15, kwenye 31 akasoma 45. Afu akaniuliza, sasa ile siku ya mvua si nayo ilikuwa 31, mbona tunasema 45 wakati inaweza kunyesha tena? Nikamwambia andika hivyohivyo: makadirio haya ni kwa siku ya joto 31 isiyo na mvua.